Wekundu umekata, kidonda kinapanuka: virusi vya vipele vya homa kwenye jicho

Mama huyu anauza ndizi soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Alipoingia chumbani kwangu alikuwa ameshika kichupa cha matone kilichobaki robo, akakiweka mezani kabla hata hajakaa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Daktari, dawa hii ilinisaidia sana. Wekundu ulikata siku ya tatu tu. Sasa sijui kwa nini naona ukungu."

Katika maneno hayo machache ugonjwa wote umeshaelezwa, pamoja na kosa lililofanyika. Nitaeleza kwa kufuata jicho lake, kwa sababu wagonjwa wa namna hii nawaona kila msimu wa mvua na karibu wote wanapita njia ileile.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuwa na malaria. Homa ilipokuwa inaisha akatokwa na vile vipele vya maji pembeni mwa mdomo, ambavyo kwetu kila mtu anaviita vidonda vya homa na hakuna anayevihangaikia. Siku chache baadaye jicho la kulia likaanza kuwasha, likawa jekundu, likatoa machozi mengi, na mwanga wa jua pale sokoni ukawa unamchoma. Tongotongo halikuwepo, na jicho la kushoto lilikuwa zima kabisa. Akaenda duka la dawa akasema ana macho mekundu. Akapewa kichupa chenye mchanganyiko wa dawa mbili: kloramfenikoli ya kuua bakteria na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya pili ndiyo iliyomfikisha kwangu.

Vidonda vya homa vinaletwa na virusi vinavyoitwa hepesi simpleksi, aina ya kwanza. Ni mali ya karibu kila mtu. Watu zaidi ya bilioni 3 duniani wanavyo, na wengi wetu tulivipata utotoni kwa busu la shangazi au kikombe cha pamoja, bila hata kujua kwamba tumeambukizwa. Kinyume na virusi vya mafua, hivi haviondoki mwilini. Baada ya maambukizi ya kwanza vinapanda kwa kufuata mshipa wa fahamu wa uso hadi kwenye fundo lake lililoko ndani ya fuvu, kwenye kitako chake, sawa na usawa wa sikio. Hapo vinalala. Havizaliani, havitoi dalili, na askari wa mwili hawavigusi.

Mshipa huo wa fahamu una matawi matatu. Moja linashuka kwenye taya la chini, moja linakwenda kwenye shavu na mdomo wa juu, na moja linapanda kwenye paji la uso na jicho. Yote matatu yanatoka kwenye fundo moja. Ndiyo maana virusi vilivyoingia kwa njia ya mdomo miaka 30 iliyopita vinaweza kuamka leo na kushuka kwa tawi la jicho. Mara nyingi watu wanadhani mgonjwa amejipaka jichoni maji ya kipele cha mdomo. Inawezekana, na ni vizuri kunawa mikono, lakini mwenye ugonjwa unaojirudia kwa kawaida ameletewa virusi kutoka ndani kwake mwenyewe. Pia hii ndiyo sababu ugonjwa huu hushika jicho moja karibu kila mara. Nikiona macho yote mawili yana hepesi, hasa kwa mtoto, nauliza kuhusu surua, lishe na VVU kabla ya jambo lingine.

Kinachoviamsha ni homa, jua kali, kuumia, uchovu wa kupita kiasi, na wakati mwingine hakuna sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole. Kwetu homa ina jina. Mwaka 1992 madaktari wawili wa macho, Yorston na Foster, walichapisha katika jarida la madaktari wa macho wa Uingereza kazi yao kuhusu hepesi ya jicho hapa Tanzania, nao wakaonyesha uhusiano wake na malaria. Kwa hiyo mama huyu kupata malaria, kisha vipele mdomoni, kisha jicho, si bahati mbaya tatu zilizogongana. Ni tukio moja.

Sasa turudi kwenye jicho lenyewe. Konea ni kile kioo cha mbele ambacho nyuma yake unaona rangi ya jicho. Unene wake ni kama nusu milimita. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba ya seli zilizopangana, ambayo ikichubuka hujifunga kwa siku moja au mbili. Chini yake kuna tabaka nene, karibu asilimia 90 ya unene wote, lililojengwa kwa nyuzi zilizopangwa kwa ustadi kiasi kwamba mwanga unapita bila kizuizi. Ngozi ya juu ikipona haiachi alama. Tabaka la chini likiharibika linaacha kovu jeupe. Shika tofauti hii, kwa sababu mabishano yote kuhusu steroidi yanazunguka hapo.

Virusi vikishuka kwenye ncha za mshipa wa fahamu vinaingia kwanza kwenye seli za ngozi ya juu. Kila seli inageuzwa kiwanda, inavimba, inakufa, na virusi vinahamia kwa seli ya jirani iliyogusana nayo. Havisambai kama maji yaliyomwagika. Vinatambaa kutoka seli hadi seli, na vinaacha nyuma mfereji mwembamba unaotoa matawi, mfano wa tawi la mti lililopukutika majani. Kwenye ncha ya kila tawi kuna kivimbe kidogo cha mviringo, na hapo ndipo virusi hai vimejaa.

Kwa macho matupu hutaona lolote zaidi ya wekundu. Tunaweka tone la floresini, rangi ya machungwa, kisha tunamulika kwa taa ya bluu. Sehemu isiyo na ngozi inang'aa kijani, na tawi linajitokeza wazi kiasi kwamba mwanafunzi wa wiki ya kwanza analitambua. Hata hivyo mimi huwa naanza na pamba. Nasokota ncha ya pamba iwe uzi, naigusisha konea kwa upole kutoka pembeni, nikilinganisha jicho moja na jingine. Mtu mwenye konea nzima hukwepa papo hapo. Mwenye hepesi mara nyingi anakutazama tu, kwa sababu mishipa ya fahamu ya pale imeumizwa. Kipimo hiki hakina gharama, ila lazima kifanyike kabla ya kuweka dawa ya ganzi. Nimeona watu wakiweka ganzi kwanza kisha wakaandika kwenye faili kwamba konea haina hisia.

Mama wa ndizi hakukwepa pamba. Kwenye ubao wa herufi jicho la kulia lilisoma 6/36, yaani akiwa mita 6 aliona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 36. Na floresini haikuonyesha tawi. Ilionyesha kidonda kipana chenye kingo zilizopindapinda, kama ziwa kwenye ramani, kimefunika karibu theluthi moja ya konea na kupita katikati. Pembeni mwake kilibaki kipande kifupi cha tawi chenye kivimbe kwenye ncha. Hicho kipande ndicho kilichonieleza kidonda kilianzaje.

Steroidi ilifanya nini hapo katikati?

Wekundu, machozi, maumivu na uvimbe havitengenezwi na virusi moja kwa moja. Ni kazi ya mwili unaopigana. Mishipa ya damu inapanuka ili chembe nyeupe zifike, seli zilizoambukizwa zinatoa ishara ya kuwaonya majirani wafunge milango, na seli zilizokwisha kuvamiwa zinauawa kabla hazijamaliza kuzalisha. Vita hivi vina maumivu lakini vina matokeo. Kidonda cha matawi kwa mtu mwenye kinga nzuri mara nyingi kinaweza kujifunga chenyewe hata bila dawa, ingawa kwa kuchelewa na kwa hatari ya kuacha kovu.

Steroidi inazima vita hivyo. Haiui virusi hata kimoja. Inabana mishipa ya damu, inazuia chembe nyeupe kufika, na inanyamazisha ishara za onyo. Wekundu unakata, machozi yanakauka, jicho linaacha kuuma. Ni kama kijiji kilichoingiliwa na wezi usiku, mtu akaamua tatizo ni kelele za mbwa, akawafunga mbwa midomo. Virusi sasa vinatambaa bila kuzuiwa, matawi yananenepa, yanaungana, na mfereji unageuka ziwa. Juu ya hayo, dawa hiyohiyo inachelewesha seli za ngozi kuziba pengo na inadhoofisha utengenezaji wa nyuzi za tabaka la chini. Kidonda kinaweza kuzama, konea ikawa nyembamba, na kwa wachache ikatoboka.

Ndiyo maana naogopa zaidi jicho lililotulia kwa dawa isiyojulikana kuliko jicho jekundu linalouma. Konea iliyopoteza hisia haipigi kelele hata inapoharibika, na steroidi inaondoa kelele kidogo iliyokuwa imebaki. Kinachobaki kumwonya mgonjwa ni ukungu. Mama huyu aliupata siku ya nane hivi, na kwa kuwa wekundu ulikuwa umeisha aliamua dawa inafanya kazi, akaendelea kuitumia siku 10 zaidi. Simlaumu. Kichupa kilimpa kila ishara ya kwamba anapona.

Wala simlaumu sana muuza dawa, ambaye huenda alitaka kumsaidia. Nadhani kosa kubwa liko kwenye neno lenyewe, macho mekundu, linalobeba magonjwa kumi tofauti. Mwanzoni mwa mwaka 2024, ule mlipuko wa macho mekundu ulioanzia Dar es Salaam ulipoenea nchini, watu wengi walijinunulia matone. Ugonjwa ule uliletwa na virusi vya aina nyingine kabisa, unashika macho yote mawili, na kwa kawaida unaisha wenyewe. Ukitumia mazoea ya ule kwa huu, unapotea. Na kwa mkulima aliyechomwa na jani la hindi, ambaye kidonda chake kina kuvu, steroidi ni mbaya vilevile, pengine zaidi.

Tulimtibu hivi. Matone ya mchanganyiko tuliyasimamisha siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa ameyatumia kwa muda mfupi tu. Aliyetumia steroidi kwa miezi hatuikati ghafla. Tunaipunguza polepole huku tukimfunika kwa dawa ya virusi, la sivyo uvimbe unarudi kwa kishindo. Kisha nikampa asikloviri ya mafuta ya macho ya asilimia 3, mara 5 kwa siku, utepe wa sentimita moja ndani ya kope la chini, yaani karibu kila saa 4 anapokuwa hajalala. Mafuta hayo yasipopatikana, vidonge vya asikloviri vya miligramu 400 mara 5 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, vinafanya kazi vizuri, ila kwanza nauliza kuhusu figo.

Asikloviri ina akili ya ajabu. Ikiingia kwenye seli nzima inakaa bila kufanya chochote, kwa sababu inahitaji kuwashwa na kimeng'enya ambacho kinatengenezwa na virusi vyenyewe. Kwenye seli iliyovamiwa inawashwa, inajipenyeza kwenye mnyororo wa vinasaba vinavyojengwa, na kuukata. Gertrude Elion, mmoja wa waliozaa dawa hii, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Lakini akili hiyohiyo ndiyo mpaka wake: virusi vilivyolala kwenye fundo havitengenezi chochote, kwa hiyo haviwashi dawa, kwa hiyo havifi. Tunatibu shambulio, hatuondoi ugonjwa. Yeyote anayekuuzia dawa ya kuondoa hepesi moja kwa moja anakudanganya.

Kidonda chake kilifunga siku ya 12. Aliendelea na mafuta siku 3 zaidi, akaacha. Kuacha nako kuna umuhimu wake. Mafuta hayo yakitumika wiki nyingi yanaikasirisha ngozi ya konea, nayo inakuwa na vidoadoa vinavyong'aa kijani, au kidonda kisichotaka kufunga. Mtu asiyejua anaona kijani, anasema hepesi bado ipo, anaongeza dawa, na kidonda kinaongezeka. Kidonda kikigoma kufunga baada ya wiki mbili za dawa iliyotumiwa ipasavyo, najiuliza kwanza kama sasa tatizo ni dawa, au konea isiyo na hisia iliyoshindwa kujitibu, kabla sijavilaumu virusi. Mama alibaki na kovu jepesi la kijivu na uoni wa 6/18. Kama angefika kwangu kidonda kikiwa bado tawi, naamini kovu hilo lingekuwa dogo sana au lisingekuwepo.

Hadithi ingeishia hapa ingekuwa rahisi: steroidi ni sumu kwa hepesi, basi. Wagonjwa wengi hufika na somo hilo hasa, na baadhi ya wahudumu pia. Baada ya mwaka mmoja na nusu mama alirudi. Jicho lilelile, ukungu, wekundu kidogo, maumivu ya wastani. Mara hii alikuwa hajanunua chochote, alikuja siku ya tatu. Nikaweka floresini, na hakukuwa na kijani hata kidogo. Ngozi ya juu ilikuwa nzima. Lakini katikati ya konea kulikuwa na duara lililovimba, kama sarafu ya kioo chenye ukungu.

Hapa vita vimehamia chini. Katika hali hii tatizo kubwa si virusi vinavyozaliana bali mwili unaoshambulia mabaki ya virusi ndani ya tabaka la katikati, na kila siku ya shambulio hilo inaacha kovu na kuvuta mishipa ya damu kuingia mahali ambapo haitakiwi. Mbwa sasa hawabweki wezi. Wanauma watoto wa nyumbani. Steroidi inahitajika.

Nilipomwandikia prednisoloni aliisoma karatasi, akanitazama. "Mwanangu, si ndiyo ileile uliyonikataza?" Ndiyo, ni ndugu yake. Tofauti ni mbili. Kwanza, nimehakikisha kwa floresini kwamba hakuna kidonda juu. Pili, haendi peke yake: anameza asikloviri kwa muda wote anaotumia matone, ili virusi vikijaribu kunyanyuka wakati walinzi wamenyamazishwa, vikute mlango umefungwa.

Jambo hili halikubuniwa kwa kukisia. Miaka ya 1990 nchini Marekani ulifanyika utafiti mkubwa wa hepesi ya jicho uliogawa wagonjwa wa tabaka la katikati katika makundi mawili. Wote walipewa matone ya kuzuia virusi. Nusu wakaongezewa prednisoloni, iliyopunguzwa taratibu kwa wiki 10. Waliopata steroidi walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa kuendelea au kuzidi, pungufu kwa asilimia 68, na uvimbe uliisha mapema zaidi. Ila kuna jambo jingine katika matokeo hayo ambalo mimi nalitumia zaidi: baada ya miezi 6, uoni wa makundi yote mawili ulikuwa sawa. Maana yake, kuchelewesha steroidi kwa siku chache ili mgonjwa apimwe vizuri hakumgharimu macho yake. Kwa anayefanya kazi mahali pasipo na taa ya bluu wala floresini, hilo linaondoa haraka yote. Mpe dawa ya virusi, mpeleke panapopimwa, usiguse steroidi.

Wiki 10 za kupunguza pia zina sababu. Tunashusha kutoka mara nyingi kwa siku hadi tone moja, hatua kwa hatua, na kila hatua tunapima presha ya jicho, kwa kuwa steroidi inaipandisha kwa baadhi ya watu bila dalili yoyote. Ukikata ghafla, sarafu inarudi.

Alipomaliza nilimweka kwenye vidonge vya asikloviri, miligramu 400 mara 2 kwa siku kwa mwaka mzima. Utafiti huohuo, katika sehemu yake iliyochapishwa mwaka 1998 ikiwa na wagonjwa 703, ulionyesha kwamba waliomeza hivyo kwa miezi 12 ugonjwa uliwarudia asilimia 19, na waliomeza kidonge kitupu asilimia 32. Faida ya kweli lakini si kinga kamili, na vidonge vikiisha faida inaisha navyo. Kwa mtu aliyepata kidonda cha juu mara moja tu, kwa kawaida simpi. Kwa mtu ambaye tabaka la katikati limeshaguswa, ambaye kila shambulio linaongeza kovu, naona gharama inastahili, ingawa najua kwa mama huyu gharama hiyo inatoka kwenye mikungu ya ndizi.

Jambo moja aliniomba nimwandikie, alibandike ukutani dukani kwa mdogo wake anayeuza dawa: atajuaje kwamba kichupa kina steroidi? Nikamwambia atazame maandishi madogo, yale ya jina la dawa yenyewe, si jina kubwa la biashara. Jina likianza kwa herufi d, e, x, a, au p, r, e, d, au b, e, t, a, likaishia kwa o, n, e, ni steroidi. Kisha amuulize mteja: ni jicho moja au mawili? Mwanga unauma? Ukifumba jicho zima, hili bado linaona kama zamani? Jicho moja, mwanga unachoma, uoni umepungua: hapo hauzwi tone lolote, mteja anaelekezwa hospitali leo.

Akaikunja karatasi mara nne akaitia kwenye kibindo. Kichupa cha zamani, kilekile kilichobaki robo, alikuwa bado nacho kwenye mkoba. Nilimwomba anipe. Alisita kidogo, kwa sababu alikinunua kwa hela yake, kisha akakiweka mezani palepale alipokiweka mara ya kwanza.